Bluetooth Inaimba, Waya Umenyamaza

Kuna watu wenye kinyaa, halafu kuna Kinyaa mwenyewe. Huyu ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, fundi wa redio za magari, na jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake wa mtaa wa magereji kabla hajaota hata mvi moja. Haketi kwenye gari la mteja mpaka atandike taulo lake. Havai glavu zilezile siku mbili. Akimwona fundi anamenya waya kwa meno, mwili wote unamsisimka.

"Meno!" atafoka. "Waya umetoka chini ya zulia, miguu ya watu imeukanyaga miaka kumi, wewe unautia mdomoni. Ptu! Halafu jioni unaenda kumbusu mkeo."

Watu hucheka, lakini kazi yake hawaichezei. Karakana aliachiwa na baba yake, yeye na mdogo wake wa kike, chumba kimoja chenye mlango wa bati na meza ndefu. Baba aliwafundisha wote wawili, meza moja, mita moja ya umeme. Mkubwa alirithi ulimi wa baba na mdogo akarithi mikono yake. Mdogo mtu alikuwa mkimya, mwepesi, hana habari na glavu. Akimaliza kufunga redio huandika kikaratasi, "Bluetooth sawa, AUX sawa, kushoto sawa, kulia sawa," na tarehe, akakibandika ubavuni mwa redio kabla ya kuirudisha kwenye dashibodi. Hakuna mteja anayekiona. Baba alifanya hivyo, naye akafanya hivyo.

Na kila gari likishamalizwa na mdogo, Kinyaa alilipitia yeye. Hilo lilikuwa desturi ya karakana, watake wasitake. Anafuta dashibodi, anafuta vitufe, kisha anachukua kijiti cha kuchokolea meno, vile vyake vya ncha nyekundu anavyonunua boksi zima, anakizungushia pamba, anakichovya kwenye spiriti na kuchokonoa kila tundu. Tundu la chaji, tundu la AUX la kuchomekea waya wa simu, mashimo ya kupitishia hewa. "Gari likitoka kwangu linuke hospitali," ndivyo alivyopenda kusema. Mdogo wake alikuwa akimtania, "Dada, iko siku utasafisha mpaka uharibu."

Sasa mdogo hayupo karakana. Yuko ng'ambo ya barabara, kwenye meza ya mbao chini ya mwavuli, anauza chaja na vioo vya simu. Miezi minane hawasemezani. Kisa ni gari moja tu, na gari hilohilo ndilo lililoingia alasiri ile na kusimama mbele ya mlango wa bati.

Mwenye gari ni mwalimu wa kwaya, mwanaume mnene mwenye sauti ya kupendeza na gari la kutapisha.

Kinyaa alifungua mlango wa dereva akarudi nyuma hatua mbili. Lo! Maganda ya karanga yamejaa hadi chini ya breki. Soksi moja, ya mguu gani hata Mungu hajui, imelala juu ya dashibodi. Mahali pa kuwekea chupa pana maziwa yaliyoganda siku nyingi mpaka yameota manyoya, na leso imeshikana nayo.

"Mwalimu," alisema huku ameziba pua, "humu unaishi na nani?"

"Peke yangu tu, fundi," mwalimu alijibu kwa unyenyekevu. "Kazi nyingi."

"Panya wakikusikia watakushtaki. Haya, nini tena?"

"Ni ileile. Miezi minane sasa. Simu ikiunganishwa kwa Bluetooth, redio inaimba vizuri kabisa. Nikichomeka waya wa AUX, kimya. Mliniambia nitumie Bluetooth, nikavumilia. Lakini ile mashine yangu ndogo ya kurekodia sauti za kwaya haina Bluetooth, ina tundu la waya basi. Nataka niwe nasikiliza njiani waimbaji wangu wanakosea wapi. Nilipeleka kwa fundi mwingine, akaniambia ninunue redio mpya."

"Alipima nini?"

"Alibonyeza bonyeza."

"Alibonyeza bonyeza," Kinyaa alirudia kwa dharau. "Nchi imejaa wabonyezaji."

Alisema hivyo, lakini moyoni kitu kilimchoma, kwa sababu yeye mwenyewe siku ile hakubonyeza hata kitufe kimoja. Mwalimu, siku chache baada ya mdogo mtu kumfungia redio, alirudi analalamika saa ya pilika, karakana imejaa wateja, mafundi wa jirani wamekaa kwenye magurudumu wanakunywa chai. Kinyaa hakuuliza, hakupima. Aliinuka, akamgeukia mdogo wake mbele ya kadamnasi nzima: "Kazi chafu! Umefunga redio hujapima, unaniaibisha mimi na marehemu baba!" Mdogo alisema maneno mawili matatu tu. "Nilipima, dada. Ilicheza." Kinyaa akamwambia asiongeze uongo juu ya uchafu. Mdogo akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani na kuvuka barabara. Hakurudi tena.

Leo saa kumi, shemeji yake, mume wa mdogo, anakuja kuchukua kisanduku cha zana kilichobaki chini ya meza. Ndicho kitu cha mwisho. Mdogo amepata nafasi kwenye karakana ya mji mwingine, wanahama mwisho wa wiki. Habari hizo Kinyaa aliletewa na muuza matairi, kwa sababu dada mtu siku hizi anasikia habari za nyumbani kwao kwa watu wa matairi. Aliposikia alisema, "Aende, kheri yake," kisha usiku huo hakula.

Basi alipolitazama gari la mwalimu alikuwa na nia moja, na tuseme ukweli, haikuwa nia nzuri. Alitaka akute kosa la mdogo wake. Akikuta waya umechomekwa pasipo pake, basi alifoka kwa haki, na kisanduku kitaondoka bila kumnyima usingizi.

"Toa maziwa yako," alimwambia mwalimu. "Yote, na soksi. Siingii na ile soksi."

Mwalimu akasafisha, huku Kinyaa amesimama pembeni akiguna kila kitu kipya kikitolewa. Kisha akatandika taulo, akavaa glavu, akaketi.

Alianza na Bluetooth. Simu ya mwalimu ilijiunga yenyewe, wimbo ukatoka kwenye spika zote nne, safi. "Sikia," alisema. "Spika nzima. Kikuza sauti ndani ya redio kizima. Hivyo hatuvigusi. Ugonjwa uko njiani, kati ya simu na redio, kwenye njia ya waya."

Akabonyeza kitufe cha kubadilisha mpaka kioo kikaandika AUX. Akazima Bluetooth ya simu, maana simu ikishashikana na redio hewani, sauti haipiti kwenye waya hata uulambe. Akachomeka waya upande wa simu, kisha upande wa gari, mkono ukipapasa tu, kwa kuwa tundu la AUX la gari lile limejificha ndani ya kishimo chenye giza mbele ya gia. Sauti ya simu juu, sauti ya redio juu. Kikasikika kimvumo kidogo cha redio yenyewe, basi.

"Huo ndio wimbo wake," mwalimu alisema kwa huzuni.

"Nyamaza, napima."

Alichomoa waya upande wa gari akauchomeka kwenye spika yake ndogo ya mezani. Ukaimba. Akautingisha ncha zote mbili, akaupinda huku na huku. Unaimba tu. Hivyo simu nzima na waya mzima. Vimebaki vitu vitatu: tundu la ndani ya gari, waya unaotoka kwenye tundu kwenda nyuma ya redio, na redio yenyewe mahali inapopokea.

Akabandua fremu ya dashibodi, akafungua skrubu nne, akaivuta redio. Vumbi likamrukia usoni. Alipiga chafya tatu, akaapa hatapokea tena gari la mwanamuziki. Kisha akawasha tochi, akaangalia mgongo wa redio.

Hapa ndipo alipotarajia kumkamata mdogo wake. Redio hiyo nyuma ina matundu ya duara ya rangi nyekundu na nyeupe, jozi mbili zinazofanana. Jozi moja inapokea sauti ya AUX, nyingine inatoa sauti kwenda kwenye kikuza sauti cha nje. Fundi mzembe huzichanganya, na ukizichanganya utapata dalili hizihizi hasa: Bluetooth inaimba, AUX bubu.

Hazikuchanganywa. Nyekundu kwenye nyekundu, nyeupe kwenye nyeupe, jozi ya kupokea, zimekaza, zimefungwa kwa utepe mweusi wa gundi na ncha yake imekunjwa ili isibanduke. Ndivyo baba alivyokuwa akikunja. Na ubavuni mwa redio, kikaratasi: "Bluetooth sawa, AUX sawa, kushoto sawa, kulia sawa." Tarehe ni ya siku redio ilipofungwa, mwandiko mdogo ulioinama.

Kinyaa alikisoma mara mbili. "Karatasi haiimbi," alijiambia, lakini kwa sauti ndogo.

"Unasemaje, fundi?"

"Nasema nenda kanywe chai, mwalimu. Unanipumulia."

Mwalimu akaenda. Kinyaa akachukua waya wake wa kupimia, upande mmoja pini ya simu, upande wa pili vichwa vyekundu na vyeupe. Akachomoa vya gari, akachomeka vyake moja kwa moja mgongoni mwa redio, akacheza wimbo. Lahaula! Redio iliimba mpaka muuza matairi akageuka. Redio nzima. Yule mbonyezaji aliyesema inunuliwe mpya alitaka kula hela ya bure, mwizi mkubwa.

Vimebaki viwili. Akalegeza kifuniko cha plastiki kinachozunguka gia, akakiinua, akalipata tundu la AUX kwa chini. Akaweka mita kwenye mlio, ili ilie ikikuta njia ya umeme haijakatika. Mguu mmoja wa mita akaugusisha kwenye kiungo cha nyuma ya tundu, wa pili kwenye kichwa cheupe upande wa redio. Mita ikalia. Kichwa chekundu, ikalia. Waya wa ardhi, ikalia. Waya wote mzima, na lehemu inang'aa.

Akachomeka pini kwenye tundu, akagusa ncha ya mbali ya waya wa simu na kichwa cheupe. Mita ikanyamaza. Akagusa na chekundu. Kimya.

Basi ni tundu. Kitu kinachoingia mbele hakifiki kwenye viungo vya nyuma. Na hapo ndipo alipoitazama pini kwa macho badala ya kuipapasa. Ilikuwa imeingia nusu tu. Nusu nyingine ya chuma iko nje, inang'aa kwenye mwanga wa tochi. Aliisukuma kwa kidole gumba. Ilidunda kidogo kama kitu kilicho juu ya godoro, ikagoma.

"Huyu mchafu ametumbukiza ganda la karanga," alisema, na kinyaa kikampanda mpaka kooni. Akatafuta kibano chembamba. Akaelekeza tochi ndani. Kulikuwa na kitu cha kijivu kimejibana mwishoni mwa tundu. Akakishika, akavuta. Kikateleza. Akavuta tena, taratibu, kikatoka na kuanguka juu ya glavu yake.

Ilikuwa pamba. Imeshindiliwa ikawa ngumu, imefanya ukungu, rangi yake huwezi kuitaja ukiwa umetoka kula. Katikati yake kulikuwa na kipande cha kijiti kilichovunjika, urefu wa punje ya mchele, na mwisho wa kijiti ulikuwa mwekundu.

Kinyaa alikaa hivyo, kiganja wazi. Mtaa mzima wa magereji, hakuna mtu mwingine anayetumia vijiti vya ncha nyekundu. Hakuna mtu mwingine anayechokonoa tundu la AUX kwa pamba. Mdogo alifunga, akapima, ikacheza, akaandika. Kisha dada mtu akaja na spiriti yake, akasafisha, kijiti kikavunjikia humo ndani, na yeye akaenda kunawa mikono. Gari likatoka linanuka hospitali, na limekufa sikio.

Miaka yote hiyo amechukizwa na meno ya watu, soksi za watu, jasho la watu, na uchafu wa kuchukiza kuliko wote ametia yeye mwenyewe kwa mkono wenye glavu. Nyani haoni kundule, wahenga hawakukosea. Na kilichomchukiza zaidi haikuwa ile pamba. Ilikuwa sauti yake mwenyewe siku ile, mbele ya wanywa chai: asiongeze uongo juu ya uchafu.

Sasa sikiliza, maana shetani naye ana zana zake. Mwalimu yuko kwenye chai. Hakuna aliyeona. Pipa la taka liko hatua mbili. Angeitupa, akamwambia mwalimu tundu lilikuwa na ganda la karanga, na mwalimu kwa gari lile angeamini na kuomba radhi juu yake. Kinyaa aliinuka kweli, akalifikia pipa, akasimama. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika chache.

"Hodi, shemeji."

Shemeji yake alikuwa mlangoni, kofia mkononi, hamtazami machoni. Mtu mpole, hakuwahi kumkosea neno. "Nimekuja kwa kile kisanduku."

"Kipo chini ya meza."

Akainama akakitoa. Kisanduku cha chuma cha kijani, cha baba. Akakibeba begani, akasimama kidogo kama anasubiri kitu, kisha akasema, "Haya, shemeji, ubaki salama," na akatoka.

Kinyaa alimtazama akishuka barazani. Alikuwa amefika ukingoni mwa barabara anangoja magari yapite. Karakana ilikuwa imebaki na pengo chini ya meza, vumbi la mraba mahali kisanduku kilipokaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutamani kulifuta.

"Shemeji! Shemeji, ngoja! Rudisha hicho!"

Alivua glavu. Zote mbili, akazitupa chini, jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kuliona. Akaishika ile pamba kwa vidole vitupu, ukungu na yote, akatoka nje. Mafundi walikuwa kwenye magurudumu yao na vikombe, walewale wa siku ile. Afadhali, aliwaza. Wasikie walewale. Akavuka barabara bila kungoja, pikipiki ikampigia honi, dereva akamtukania ukoo wake, yeye akapita tu.

Mdogo wake alikuwa anambandikia mteja kioo cha simu. Aliinua macho, akayashusha.

"Mdogo wangu," Kinyaa alisema kwa sauti ya kufoka, kwa kuwa hana nyingine. "Ile AUX ya mwalimu wa kwaya. Nimepima leo. Simu nzima, waya mzima, redio nzima, umefunga panapotakiwa. Nimekikuta kikaratasi chako." Akafungua kiganja juu ya meza, katikati ya chaja. "Hii ndiyo ilikuwa kwenye tundu. Kijiti changu. Nilikiacha mimi, nilipokuja kusafisha nyuma yako. Kazi chafu ilikuwa yangu. Nilikuaibisha mbele ya hawa, na hawa nataka wanisikie."

Wanywa chai walisikia. Hata mwalimu wa kwaya alisikia, kikombe kimesimama hewani. Shemeji alikuwa bado ukingoni upande wa pili, kisanduku begani, hajui aende wapi.

Mdogo aliitazama ile pamba. Mteja wa kioo aliona mambo si yake, akajifanya anasoma bei.

"Inatia kinyaa," mdogo alisema mwishowe.

"Najua."

"Umeishika bila glavu."

"Najua."

Mdogo akachukua kipande cha gazeti, akaifunga ile pamba, akaiweka pembeni bila kuitupa.

"Umeshairudisha redio?" mdogo aliuliza.

"Bado."

"Baada ya kutoa hii, umejaribu AUX?"

"Bado, nilikuja huku kwanza."

"Kushoto hujapima."

"Hapana."

"Kulia hujapima."

"Mdogo wangu, nimekwambia nilikuja huku..."

Mdogo akasonya. Alisonya msonyo mrefu, wa kutoka moyoni, wa miezi minane, mpaka mwalimu wa kwaya kule alipo angeweza kuutajia noti yake.

"Gari la mtu liko wazi, hujapima, unazurura barabarani," alisema kwa sauti ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia kutoka kinywani mwake. "Kazi chafu!"

Akamwambia mteja arudi baada ya nusu saa, akafunga mwavuli, akavuka barabara mbele ya dada yake. Alipompita mumewe pale ukingoni hakusimama. Alimgeuza tu kwa bega, yeye na kisanduku chake, kuelekea mlango wa bati.